Dereva, Abiria na Fumbo la Saratani ya Umio

Katika wadi za hospitali za Bomet na Eldoret, magharibi mwa Kenya, simulizi za wagonjwa wa saratani ya umio hufanana sana. Kwanza nyama inakataa kushuka. Baada ya muda ugali nao unakwama kifuani, na mgonjwa anausukuma kwa maji. Kisha kinachopita ni uji peke yake, na mwishowe hata mate yanakuwa kazi kumeza. Wengi hufika hospitali wakiwa wamefikia hapo, uvimbe ukiwa umeshaziba njia ya chakula. Mara nyingi daktari hana la kufanya zaidi ya kupitisha stenti, mrija wa wavu wa chuma unaoupanua umio ili mtu aweze angalau kula. Hospitali ya Tenwek mjini Bomet imefanya kazi hiyo kwa wagonjwa wengi hadi ikapata sifa duniani. Miongoni mwao wamo vijana ambao hawajafikisha miaka 30, umri ambao katika nchi nyingi ugonjwa huu hauonekani kabisa.

Ukiiangalia ramani, maeneo yenye saratani hii kwa wingi yanajipanga kama ukanda unaoteremka kutoka Ethiopia, kupitia Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi, hadi Afrika Kusini. Ng'ambo ya pili ya bara, Afrika Magharibi, ugonjwa ni nadra. Kuna ukanda mwingine Asia, unaopita kaskazini mwa Irani na kuingia Uchina. Nini kinachowaunganisha mkulima wa Kilimanjaro, mfugaji wa Bomet na mwanakijiji wa mkoa wa Golestan nchini Irani?

Watuhumiwa ni wengi na wanajulikana. Upo moshi wa kuni katika jiko lisilo na dirisha. Ipo sigara, ipo pombe. Wapo wanaotaja mursik, maziwa mala ya Wakalenjini yanayogandishwa katika kibuyu kilichopakwa mkaa. Na ipo chai ya moto sana. Watafiti waliopima vikombe vya watu mkoani Kilimanjaro na kutoa matokeo yao mwaka 2015 walikuta kwamba wanywaji huanza kupiga mafunda chai ikiwa na wastani wa takriban nyuzi joto 70. Mwaka uliofuata Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliviweka vinywaji vyenye joto linalozidi nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani.

Tatizo la kuwauliza watu maswali ni kwamba katika kijiji ambako kila nyumba inakunywa chai ya moto na kila jiko linafuka moshi, ni vigumu kumpata wa kumlinganisha na mgonjwa. Tena mtu anaulizwa leo juu ya vitu alivyokula na kunywa miaka 30 iliyopita. Kwa hiyo wanasayansi wakaamua kuuhoji uvimbe wenyewe.

Kazi hiyo huanza na kitu kidogo. Mgonjwa anapopitishiwa kamera kooni, daktari hukata kinyama cha uvimbe, chembe isiyozidi punje ya mchele. Sehemu yake huenda kwa mtaalamu wa maabara athibitishe kuwa ni saratani, na sehemu nyingine hugandishwa kwenye baridi kali. Wakati huohuo mgonjwa hutolewa damu. Damu hiyo ina umuhimu kuliko inavyoonekana. Vinasaba vya binadamu ni mfululizo wa herufi takriban bilioni 3, zote zikiwa za aina nne tu, A, C, G na T, na watu wawili wowote hutofautiana kwa mamilioni ya herufi tangu kuzaliwa. Bila damu ya kulinganisha, tofauti za kuzaliwa zingechanganyika na zile zilizotokea ndani ya uvimbe. Kwa hiyo mashine husoma jenomu mbili, ya damu na ya uvimbe, na kompyuta huondoa kila kilichomo katika zote mbili.

Hata hivyo mashine hukosea kusoma. Isitoshe, kinyama cha uvimbe hakina seli za saratani peke yake, bali ndani yake mna mishipa ya damu, seli za kinga na nyama ya kawaida. Ndiyo maana kila sehemu ya jenomu ya uvimbe husomwa mara 30, 40 au zaidi. Herufi ngeni iliyoonekana mara moja tu huenda ni kosa la mashine. Iliyojirudia katika usomaji 12 kati ya 40, na ambayo haimo kabisa kwenye damu, inaaminika kuwa badiliko la kweli. Kinyama chenye seli chache mno za saratani hutupwa nje ya utafiti, maana mabadiliko yake yamezama ndani ya seli za kawaida na hayawezi kutenganishwa na makosa ya mashine.

Kinachobaki baada ya mchujo huo, katika saratani ya umio, ni maelfu ya mabadiliko kwa kila mgonjwa. Mtu asiyezoea angedhani kwamba maelfu hayo yote ndiyo yaliyoleta ugonjwa. Sivyo. Utafiti mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2020, uliokusanya jenomu 2,658 za saratani za aina 38, ulikuta kwamba kwa wastani kila uvimbe una mabadiliko manne au matano tu yanayousukuma ukue. Wataalamu huyaita hayo madereva. Maelfu mengine ni abiria: yamo ndani ya gari, yanakwenda linakokwenda, lakini hayajagusa usukani.

Abiria hao walipandaje? Seli za mwili hugawanyika na kunakili vinasaba vyake tangu mtoto akiwa tumboni, na kila mwaka unaopita huacha makosa machache ya kunakili. Mengi huangukia sehemu za jenomu zisizo na kazi inayojulikana, hayadhuru wala hayafaidishi. Siku moja seli mojawapo inapata badiliko linaloipa nguvu ya kuzaana kuliko jirani zake. Watoto na wajukuu wa seli hiyo hurithi dereva huyo, na pamoja naye hurithi kila kosa ambalo mama yao alikuwa ameshalibeba. Uvimbe unapofikia hatua ya kuziba koo, kila seli yake ina nakala ya kumbukumbu hiyo yote. Laiti seli ile isingezaana kupita kiasi, makosa yake yangebaki ndani ya seli moja, na hakuna mashine ambayo ingeyaona kwa urahisi.

Kumtambua dereva kati ya maelfu ya abiria ni kazi ya hesabu. Hatua ya kwanza ni kuangalia wagonjwa wengi kwa pamoja. Jeni iliyobadilika kwa mgonjwa mmoja haisemi kitu, lakini ikibadilika kwa wagonjwa wengi kupita kiwango ambacho bahati nasibu ingetoa, inatiliwa shaka. Jeni iitwayo TP53, ambayo kazi yake ni kuisimamisha seli iliyoharibika isiendelee kugawanyika, hukutwa imebadilika katika sehemu kubwa sana ya saratani za umio duniani kote. Haiwezekani iwe ni bahati.

Lakini hesabu hiyo ina mtego, na watafiti wengi waliwahi kunaswa. Katika orodha za miaka ya mwanzo ilikuwa ikijitokeza tena na tena jeni ya titini, inayotengeneza protini kubwa kuliko zote mwilini, protini inayoupa msuli uwezo wa kurudi ukishavutika. Zilijitokeza pia jeni za pua zinazotambua harufu. Ni vigumu kuona jinsi jeni ya kunusa inavyoweza kuleta saratani ya mapafu. Mwaka 2013 kundi la wanasayansi wa Marekani lilieleza chanzo cha kosa hilo: titini ni ndefu mno, kwa hiyo inaokota mabadiliko mengi kwa urefu wake tu, na jeni za harufu zimekaa katika sehemu za jenomu ambazo seli huzinakili mwishoni, ambako makosa ni mengi. Anayepima bila kuzingatia urefu wa jeni na mahali ilipokaa atawaita abiria madereva.

Njia iliyo makini zaidi hutumia jambo moja la ajabu katika lugha ya vinasaba. Protini hujengwa kwa kusoma herufi tatu tatu, na kuna mabadiliko ya herufi ambayo hayabadilishi kitu katika protini, kwa sababu utatu mpya una maana ileile. Mabadiliko hayo ya kimya hayana faida wala hasara kwa seli, kwa hiyo wingi wake unaonyesha kasi ya makosa ya kawaida katika jeni hiyohiyo, kwenye urefu uleule na mahali palepale. Mtafiti anayalinganisha na yale yanayobadilisha protini. Kama uwiano ni ule unaotarajiwa, jeni hiyo ni abiria, hata iwe na mabadiliko mengi kiasi gani. Kama yanayobadilisha protini yamezidi sana, maana yake seli zilizoyapata zilistawi kuliko nyingine, na hapo dereva amepatikana. Kipimo hiki kinaiondoa titini kwenye orodha bila taabu.

Hata dereva halali haitoshi kuleta saratani. Mwaka 2018 watafiti wa Taasisi ya Wellcome Sanger karibu na Cambridge, Uingereza, walichunguza umio wa watu tisa ambao hawakuwa na saratani ya umio. Kwa wale wa umri wa kati na wazee, walikuta sehemu kubwa ya utando wa ndani umejaa seli zenye mabadiliko yanayojulikana kuwa madereva. Jeni ya NOTCH1 ilikuwa imebadilika katika asilimia 12 hadi 80 ya seli, kutegemea mtu, na TP53 katika asilimia 2 hadi 37. Jambo lililowashangaza zaidi ni kwamba mabadiliko ya NOTCH1 yalikuwa mengi mara kadhaa katika umio mzima kuliko katika saratani yenyewe. Badiliko hilo huipa seli nguvu ya kuwashinda majirani zake, lakini ushindi huo haupeleki lazima kwenye saratani. Ugunduzi huu unastahili kukumbukwa na kila anayesoma jibu la kipimo cha jeni lenye orodha ya mabadiliko, na tutauhitaji tena mbele.

Madereva, basi, hueleza jinsi uvimbe unavyokua. Hawaelezi vizuri ulianzia wapi, kwa sababu ni wachache na wamechujwa: tunawaona wale tu walioifaidia seli. Kwa swali la chanzo, mashahidi wazuri ni abiria. Hakuna aliyewachagua, wameangukia popote, na wako maelfu.

Sababu ya wao kuweza kutoa ushahidi ni kwamba kila kitu kinachoharibu vinasaba kina mahali kinapopenda kugusa. Mwale wa jua huharibu zaidi pale C inapokaa kando ya C nyingine au ya T, na kuigeuza C hiyo kuwa T. Kemikali za moshi wa sigara hung'ang'ania G, na seli ikija kunakili inaandika T mahali pake. Kwa hiyo wataalamu hupanga kila badiliko kwa aina yake, na aina za kugeuka kwa herufi ni sita, kisha huangalia herufi iliyotangulia na iliyofuata. Sita zikizidishwa kwa majirani wanne wa kushoto na wanne wa kulia zinatoa makundi 96. Kila uvimbe unapata mchoro wa nguzo 96, zingine ndefu, zingine fupi. Kwa kuwa uvimbe mmoja huwa umepitia mambo mengi, mchoro wake ni mchanganyiko, na hesabu za kompyuta zinazoangalia maelfu ya wagonjwa kwa pamoja hutenganisha mchanganyiko huo katika mikondo yake. Kila mkondo huitwa saini. Mwaka 2013 Ludmil Alexandrov, Mike Stratton na wenzao walichapisha matokeo ya saratani 7,042 na kutaja saini zaidi ya 20. Orodha hiyo imekuwa ikirefuka tangu hapo, na saini hupewa namba: SBS4 ni ya sigara, SBS7 ni ya jua.

Mfano unaowagusa Waafrika Mashariki moja kwa moja ni sumukuvu. Kuvu wa Aspergilasi huota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa kabla hazijakauka, na hutoa sumu isiyoonekana kwa macho wala kusikika kwa ladha. Mwaka 2004, Ukambani na maeneo jirani nchini Kenya, mahindi yenye sumu hiyo yaliwaumiza watu 317 na kuwaua 125 miongoni mwao. Hao walikufa kwa ini kuharibika ghafla. Dozi ndogondogo zinazoliwa kwa miaka hufanya kazi nyingine polepole. Ini linapojaribu kuivunja sumu hiyo ili litoe nje, vimeng'enya vyake huigeuza kuwa kemikali kali inayojibandika kwenye herufi G. Seli ikinakili G iliyobebeshwa mzigo huo, mara nyingi inaandika T.

Mwaka 1991 makundi mawili ya watafiti, moja likichunguza saratani za ini kutoka Qidong nchini Uchina na lingine kutoka kusini mwa Afrika, yalitoa matokeo yao katika jarida moja. Yote mawili yalikuta kitu kilekile katika jeni ya TP53. Kwenye utatu wa 249, unaosomwa AGG, G ya mwisho ilikuwa imegeuka T. Utatu huo sasa ukasomwa AGT, na protini ikapata serini mahali pa arjinini, na ikashindwa kuishika vizuri kazi yake ya ulinzi. Katika nchi ambako chakula hakina sumukuvu, badiliko hilo ni nadra kwenye saratani ya ini.

Ushahidi huo ulipokelewa kwa furaha, na ulistahili, lakini una kasoro inayofundisha. Maabara ilipochovya seli katika sumukuvu, sumu ilizigusa G nyingi ndani ya TP53, wala haikuichagua ile ya 249 peke yake. Mbona basi uvimbe unarudia hapohapo? Sababu ni mchujo. Badiliko la 249 linaonekana kuipa seli ya ini faida ya pekee, hasa kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B, na virusi hivyo vimeenea kulekule kuliko na sumukuvu. Dereva yule amebeba alama ya sumu pamoja na alama ya faida, na ukimtazama peke yake huwezi kuzitenganisha. Ilipowezekana kusoma jenomu nzima, abiria walikamilisha ushahidi: mamia na maelfu ya G zilizogeuka T, katika sehemu zisizo na kazi, zikiwa na majirani walewale ambao maabara iliwaona. Saini hiyo sasa ni SBS24.

Hivyo ndivyo matumaini yalivyokuwa wakati watafiti walipoigeukia saratani ya umio. Kama sumukuvu imeacha saini kwenye ini, basi kisababishi cha ukanda wa Afrika Mashariki, kiwe moshi, kiwe kitu ndani ya chakula, nacho kitakuwa kimeacha yake. Kazi ilikuwa kulinganisha nchi zenye ugonjwa mwingi na zile zenye ugonjwa mchache, na kutafuta nguzo zilizorefuka upande mmoja.

Vinyama vilikusanywa katika nchi nane: Kenya, Tanzania, Malawi, Irani na Uchina, na kwa upande wa ugonjwa mchache, Japani, Brazili na Uingereza. Kwa Afrika Mashariki kazi ilipitia vituo ambavyo tayari vilikuwa vikichunguza ugonjwa huu pamoja na shirika la Lyon, vikiwemo vya Eldoret na Moshi. Jenomu 552 zilisomwa, na matokeo yakatoka mwaka 2021.

Michoro ilifanana. Uvimbe wa Eldoret na uvimbe wa Uingereza, ukiviweka nguzo kwa nguzo, vilikaribia kuwa kitu kimoja. Alama za sigara zilionekana kwa wavutaji, za pombe kwa wanywaji, na kwa Wairani wanaotumia afyuni ilionekana alama inayoambatana na afyuni. Zote zilichangia sehemu ndogo tu ya mabadiliko. Watafiti waliandika wazi kwamba hawakuona saini yoyote ya kitu cha kutoka nje ya mwili inayoweza kueleza kwa nini ugonjwa uko mwingi huku na mchache kule.

Walichokiona karibu kila mahali kilitoka ndani ya mwili. Saini mbili, SBS2 na SBS13, zilikuwemo katika asilimia 88 na 91 ya wagonjwa, na kwa wastani zilibeba robo ya mabadiliko yote. Hizi ni alama za vimeng'enya vya kundi la APOBEC. Kazi yake ya halali ni kinga: virusi vikiingia ndani ya seli, vimeng'enya hivi huzivamia herufi C za virusi na kuziharibu. Wakati mwingine huvamia vinasaba vya mwenye nyumba. Hupendelea C iliyotanguliwa na T, ikifuatwa zaidi na A au T, na upendeleo huo ndio unaowatambulisha.

Mkono wao unaonekana hata kwa dereva. Jeni ya PIK3CA, mojawapo ya zile zinazousukuma uvimbe wa umio, ina sehemu mbili zinazobadilika mara nyingi, nafasi ya 542 na ya 545. Katika zote mbili G inageuka A. Vinasaba ni nyuzi mbili zilizokabiliana, G ikikaa daima mbele ya C, kwa hiyo G iliyogeuka A katika uzi mmoja ni C iliyogeuka T katika uzi wa pili. Ukisoma uzi huo wa pili, unaikuta C ile katikati ya T na A, nafasi zote mbili. Ndipo hasa APOBEC hupenda kupiga. Katika umio wa watu wasio na saratani, alama za APOBEC ni chache mno au hazipo, ingawa madereva kama TP53 wamejaa. Kwa hiyo kuamka kwa vimeng'enya hivi kunaonekana kuwa hatua kubwa kati ya utando wenye makosa na uvimbe wenyewe. Ni nini kinachoviamsha? Saini hazisemi, maana zinaonyesha aliyepiga na kunyamaza kuhusu aliyemchokoza.

Je, matokeo hayo yanaiachia huru chai ya moto, au moshi wa jikoni? Kufikiri hivyo ni kosa. Saini humwonyesha yule anayeandika moja kwa moja kwenye vinasaba, na si kila kisababishi cha saratani huandika. Mwaka 2019 maabara za Uingereza zilichapisha matokeo ya kuzitia seli za binadamu kemikali na mionzi 79 inayojulikana au kushukiwa kuleta saratani, na 41 ndizo zilizoacha saini inayotambulika. Mwaka 2020 watafiti wengine walisoma jenomu za vimbe 181 vya panya waliopewa vitu 20 vya namna hiyo. Vingi kati ya vitu hivyo havikuacha saini ya pekee, wala havikuongeza idadi ya mabadiliko. Lakini panya walikuwa wamepata saratani.

Hapa ndipo ule umio wa wazee wa Uingereza unaporudi. Kama seli zenye madereva zimeshatapakaa katika koo la mtu mzima bila kumdhuru, kisababishi hakihitaji kuandika herufi mpya. Kinaweza kuukwaruza utando kila siku, kuufanya uvimbe, ujikarabati, seli zizaane kwa haraka kuziba majeraha, na katika purukushani hiyo seli iliyokuwa imekaa na dereva wake ikapata nafasi ya kutanda. Mwaka 2023 kundi la Charles Swanton mjini London lilionyesha jambo la namna hiyo kwenye mapafu: vumbi laini la hewa chafu liliamsha seli ambazo tayari zilikuwa na badiliko la jeni ya EGFR, kwa njia ya kuvimba kwa tishu, bila kuongeza mabadiliko mapya. Chai inayounguza koo mara kadhaa kwa siku kwa miaka mingi inafaa vizuri katika maelezo hayo. Haijathibitishwa kwamba ndivyo inavyotenda. Lakini ushahidi wa vijijini na hospitalini, wa kuwalinganisha wanywaji wa chai ya moto sana na wa chai ya vuguvugu, unabaki na uzito wake uleule uliokuwa nao kabla jenomu hazijasomwa, na hakuna sababu ya mtu kuacha kuipoza chai yake akingoja saini.

Yapo mambo mengine ambayo saini haziwezi, na wagonjwa wana haki ya kuyajua. Kipimo cha jeni kinachotolewa hospitali kubwa kwa ajili ya kuchagua dawa mara nyingi husoma jeni mia chache tu. Hizo zinatosha kumtafuta dereva mwenye dawa yake. Kwa saini hazitoshi, kwa sababu huenda zikatoa mabadiliko 10 au 20, na huwezi kugawa mabadiliko 20 katika nguzo 96 ukapata mchoro wa kuaminika. Programu za kompyuta hazikatai kazi. Ukizipa data hiyo haba zitagawanya tu na kukutajia saini, hata ya kitu ambacho mgonjwa hakuwahi kukutana nacho. Kuna pia saini zisizo na sura, nguzo zake zote zikilingana, na hizo huchanganywa kwa urahisi moja na nyingine. Na hata saini iliyo wazi kabisa haimwambii mgonjwa mmoja kwamba uvimbe wake uliletwa na kitu fulani. Mvutaji mwenye SBS4 tele bado anaweza kuwa na dereva aliyetokana na kosa la kawaida la kunakili.

Kwa ukanda wa umio, swali limehama. Zamani lilikuwa ni kemikali gani inayoandika kwenye vinasaba vya watu wa Bomet, Moshi na Blantyre. Sasa ni nini kinachoziamsha seli zilizokwisha andikwa, na kwa nini kwa wengine kinafanya hivyo kabla ya miaka 30. Vinyama vya uvimbe haviwezi kulijibu swali hilo peke yake, kwa kuwa vinaonyesha waliofika mwisho wa safari. Unahitajika umio wa watu wazima wa afya kutoka ndani ya ukanda na nje yake, uliochukuliwa katika umri tofauti, ili ionekane seli zenye madereva zinaanza kutanda lini na APOBEC inaamka lini. Kumpitishia kamera mtu asiyeumwa si jambo dogo. Ipo njia nyepesi zaidi, sifongo ndogo iliyofungwa uzi ambayo mtu huimeza ndani ya kidonge, ikafunguka tumboni na kuvutwa juu ikiwa imekwangua seli za umio mzima. Imeshajaribiwa katika nchi kadhaa kwa ajili ya kutafuta dalili za mapema za ugonjwa wa umio, na seli inazokusanya zinaweza kusomwa vinasaba vyake kama zile za kinyama.